Kuchaji magari ya umeme katika maegesho ya chini ya jengo lenye umeme mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wenye majengo, kamati za wakazi na mafundi wanaotaka kuweka chaja za magari mahali ambapo umeme unaoingia hautoshi chaja zote kwa wakati mmoja. Hesabu zote zinatumia jengo moja la mfano: nyumba 24 katika eneo kama Kilimani, Nairobi, lenye umeme wa fezi tatu wa volti 415 (volti 240 kati ya kila fezi na nyutro), breka kuu ya ampea 200, na nafasi 12 za kuchaji katika maegesho yaliyo chini ya ardhi. Kila chaja ni ya fezi moja na ina uwezo wa ampea 32.

## Misingi

1. Usimamizi wa mzigo ni nini, na gari linajuaje kwamba linatakiwa kupunguza?

Ni mpango ambao kidhibiti kimoja hupima umeme unaotumiwa na jengo zima, huona nafasi iliyobaki, kisha huigawa nafasi hiyo kwa magari yaliyochomekwa. Jengo likitumia zaidi, magari hupewa kidogo. Wakazi wakilala, magari huongezewa. Mpango wa namna hii huitwa usimamizi unaobadilika. Upo pia ule usiobadilika, ambao chaja zote hugawana kiasi kimoja kilichowekwa tangu mwanzo bila kujali jengo linatumia nini. Huo wa pili ni rahisi na haukosei sana, lakini hulazimika kuhesabu saa mbaya kuliko zote kana kwamba inadumu usiku kucha.

Chaja hailisukumii gari umeme. Hulitangazia tu kiwango cha juu ambacho linaruhusiwa kuvuta, na gari lenyewe ndilo linalovuta. Tangazo hilo hupita kwenye waya mwembamba wa mawasiliano ulio ndani ya kebo ya kuchajia, kwa ishara inayowaka na kuzima mara 1,000 kwa sekunde. Kwa viwango vya kawaida, sehemu ya muda ambayo ishara inawaka, kwa asilimia, ikizidishwa kwa 0.6 hutoa ampea zinazoruhusiwa: asilimia 10 ni ampea 6, na asilimia 50 ni ampea 30. Ampea 6 ndicho kiwango cha chini kabisa. Hakuna namna ya kuliambia gari livute ampea 3. Ama lipewe 6, ama lisimame. Kizingiti hicho ndicho kinachoongoza sehemu kubwa ya usanifu, kama inavyoonekana katika swali la 5 na la 15.

2. Kwa nini tusiweke chaja 12 tu na kutumaini hazitafanya kazi zote pamoja?

Kwa sababu wakazi wa jengo moja hurudi nyumbani saa zilezile. Chaja 12 zikigawanywa sawasawa, kila fezi hupata nne, yaani ampea 128. Jioni fezi ya tatu ya jengo letu tayari ina ampea 156 za mapishi, shawa za umeme, taa na pampu. Jumla ni ampea 284 kwenye breka ya 200. Breka kubwa za aina hii zikizidiwa kwa asilimia 30 hukata ndani ya saa mbili, na hapa zimezidiwa kwa asilimia 42, kwa hiyo hazitachukua muda huo. Hazikati papo hapo, na hilo ndilo huwadanganya watu: fundi hujaribu chaja zote kwa dakika kumi mchana, akaona mambo ni sawa, akaondoka. Giza linaingia saa mbili usiku, na lifti ikiwa katikati ya ghorofa.

Kanuni za kimataifa za nyaya za majengo nazo zinasema hivyo: bila udhibiti wa mzigo, kila chaja ihesabiwe kwa uwezo wake wote.

3. Si rahisi zaidi kuomba umeme mkubwa?

Pale ambapo transfoma ya mtaa ina nafasi na kebo inayoingia inaweza kubadilishwa bila kuchimba barabara, ombeni. Mara nyingi gharama hailingani na haja, maana hesabu ya swali la 6 inaonyesha kwamba kinachokosekana ni nafasi ya saa chache za jioni tu.

## Vipimo na hesabu

4. Nafasi iliyobaki inapimwaje? Bili ya mwezi haitoshi?

Haitoshi. Bili inaeleza uniti zilizotumika, wala haisemi ni ampea ngapi zilipita saa mbili usiku kwenye fezi ya tatu. Kinachohitajika ni kifaa cha kurekodi chenye koili za kupimia mkondo zinazovishwa kwenye kebo kuu, fezi kwa fezi, kiachwe hapo wiki mbili au zaidi kikihifadhi wastani wa kila dakika 10 au 15. Wiki moja hukosa kitu: mwisho wa mwezi, sherehe, siku ya kufua.

Msimu nao ni wa kuzingatia. Vipimo vya Februari havitaonyesha pampu ya kutoa maji ya mvua iliyo sakafuni mwa maegesho, ambayo wakati wa masika inaweza kufanya kazi usiku mzima. Kama haiwezekani kusubiri mvua, soma ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ya pampu hiyo na uziongeze kwa mkono juu ya fezi zake. Fanya hivyohivyo kwa nyumba ambazo hazina wapangaji wakati wa kupima.

5. Hesabu ya jengo la mfano inakwendaje?

Tuchukulie kwamba kipimo kimetoa kilele cha jioni cha ampea 148 kwenye fezi ya kwanza, yaani L1, 131 kwenye ya pili, L2, na 156 kwenye ya tatu, L3. Kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, fezi yenye mzigo mkubwa, ambayo bado ni L3, haizidi ampea 58.

Breka ni ya ampea 200, lakini hatuiendeshi hadi ukingoni. Mimi huweka kikomo cha asilimia 90, yaani 180, kwa kuwa breka iliyo kwenye bodi yenye joto hukata mapema kidogo kuliko namba iliyoandikwa juu yake, na vipimo navyo vina makosa yao. Nafasi ya jioni basi ni ampea 32 kwenye L1, 49 kwenye L2 na 24 kwenye L3. Kwa magari manne kwenye kila fezi, kila gari la L1 hupata ampea 8, la L2 hupata 12, na la L3 hupata 6 kamili. Fezi ya tatu imegusa kizingiti. Mkazi mmoja akiwasha pasi, nafasi hushuka chini ya 24, na hapo gari moja lazima lisimame huku matatu yakiendelea. Kidhibiti hulibadilisha linalosubiri kila baada ya nusu saa hivi ili asionewe mtu.

Usiku hali hugeuka. L3 ina nafasi ya 180 kutoa 58, yaani ampea 122. Hapa hutokea kikomo cha pili ambacho wengi hukisahau: kebo inayoshuka kwenye bodi ya maegesho na breka yake. Katika jengo letu breka hiyo ni ya ampea 125, na tumeipa kikomo cha 120. Kila gari linapata ampea 30, sawa na kilowati 7.2.

6. Magari yatajaa kweli kwa umeme wa kugawana namna hii?

Gari dogo la umeme linalotembea kilomita 40 kwa siku mjini hutumia takriban uniti 7, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Magari 12 yanahitaji uniti 84. Kwa ampea 120 kwenye kila fezi, bodi ya maegesho inatoa kilowati 86, na kwa saa tano za usiku hizo ni uniti zaidi ya 430. Hata magari matatu au manne yakirudi siku moja na betri tupu kutoka safari ya Nakuru, usiku unatosha.

Gari la fezi ya tatu linaloambulia ampea 6 tu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku huwa limeshapata karibu uniti 6. Kwa hiyo malalamiko ya jioni kwamba chaja iko polepole ni ya kweli, ila gari lenyewe asubuhi huwa limejaa. Anayehitaji kutoka tena usiku uleule apewe kitufe cha kipaumbele, na wakazi wakubaliane mara ngapi kwa mwezi kinaruhusiwa; bila ukomo huo kila mtu atakibonyeza kila siku.

7. Hesabu hii inafaa Dar es Salaam au Mombasa?

Njia ni ileile, matokeo si yaleyale. Nairobi usiku ni wa baridi na mzigo hushuka sana. Pwani viyoyozi vya vyumba vya kulala hufanya kazi hadi alfajiri, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, na bonde la usiku linaweza kujaa nusu. Huko huenda saa nzuri za kuchaji zikawa asubuhi baada ya watu kwenda kazini, jambo ambalo halimfai anayeondoka na gari lake. Pimeni katika miezi ya joto, kisha rudieni hesabu ya swali la 6 kabla ya kuamua idadi ya chaja. Kwa Tanzania tumieni volti 230 badala ya 240.

## Fezi na aina za magari

8. Kwa nini fezi moja huzidiwa wakati nyingine mbili zina nafasi?

Karibu kila mara ni kwa sababu ya jinsi chaja zilivyofungwa. Tuseme mwenye jengo amenunua chaja za fezi tatu, na fundi akaunganisha kila moja kwa mpangilio uleule: L1 kwa L1, L2 kwa L2, L3 kwa L3. Magari mengi yaliyoingizwa kutoka Japani, kama Nissan Leaf, huchaji kwa fezi moja tu, na fezi hiyo ni ya kwanza kwenye chaja. Magari yote huangukia L1.

Dawa ni kuzungusha fezi: chaja ya kwanza ianzie L1, ya pili ianzie L2, ya tatu ianzie L3, kisha mzunguko urudie. Kidhibiti nacho lazima kiambiwe mzunguko huo, la sivyo kitapunguza gari lisilohusika. Jaribio ni rahisi: chomeka gari moja kwenye chaja namba 2 na utazame skrini ya mita kuu. Ampea zikipanda kwenye L2 huku kidhibiti kikionyesha L1, mpangilio ulioandikwa si uliofungwa.

Gari linalochaji kwa fezi tatu lina tabia nyingine. Hutangaziwa kiwango kimoja kwa fezi zote, hivyo hufungwa na fezi iliyobanwa zaidi. Katika jioni ya swali la 5 gari kama hilo lingepata ampea 6 kwa sababu ya L3, ingawa L2 ina nafasi tele.

9. Tumeliruhusu gari kuvuta ampea 30 lakini linavuta 14 tu. Chaja ni mbovu?

Hapana. Kifaa cha kuchajia kilicho ndani ya gari ndicho kinachoweka ukomo. Matoleo mengi ya Leaf za Japani yana kifaa cha kilowati 3 hivi. Tatizo huwa kwa kidhibiti kinachohesabu kilichotangazwa badala ya kinachovutwa: ampea 16 zinabaki zimetengewa gari ambalo haliwezi kuzitumia, huku jirani akisubiri. Kabla ya kununua, ulizeni kama mfumo husoma mkondo halisi wa kila chaja na kurudisha ziada kwenye mgao. Betri inapokaribia kujaa gari hupunguza lenyewe, na hapo pia ziada hiyo hurudi.

## Kidhibiti na hitilafu zake

10. Koili za kupimia ziwekwe wapi?

Kwenye kebo kuu, mahali ambapo umeme wa nyumba na wa magari vyote vimepita. Kwa hiyo kipimo kinajumlisha magari, na kidhibiti lazima kiyatoe kabla ya kukokotoa nafasi, kwa kila fezi peke yake:

```
nafasi  = 180 - (mkondo_mkuu - mkondo_wa_chaja)
kiwango = min(nafasi, 120)
```

Kosa la kawaida ni kusahau kutoa. Dalili yake ni magari yanayopanda na kushuka bila kikomo: yakivuta, mfumo unaona jengo limejaa na kuyapunguza, yakipungua, unaona nafasi na kuyapandisha. Ukiona mchoro wa meno ya msumeno kwenye kumbukumbu za usiku, wakati nyumba zimelala, anza kutafuta hapo.

11. Kidhibiti kiwe na kasi gani? Lifti huwaka ghafla.

Mota ya lifti au pampu huvuta mkondo mkubwa kwa sekunde chache inapoanza, na breka imetengenezwa kuvumilia hilo. Kidhibiti kinachokimbilia kila mshtuko kitachosha magari bure. Tumieni wastani wa sekunde 10 hivi, mpunguze mara moja nafasi inapokwisha, na mwongeze polepole, kwa mfano baada ya nafasi kudumu dakika moja. Gari likishapokea kiwango kipya linatakiwa kutii ndani ya sekunde 5, kwa hiyo mzunguko mzima hukamilika muda mrefu kabla breka haijapata joto.

12. Mawasiliano yakikatika itakuwaje?

Hili ndilo swali ambalo muuzaji hujibu kwa haraka kuliko yote, na ndilo linalostahili kukaliwa. Maegesho ya chini ya ardhi mara nyingi hayana mtandao wa simu. Mfumo unaotegemea seva iliyo mbali kugawa ampea hautufai hapa. Mgao ufanywe na kidhibiti kilicho ndani ya jengo, kwa kebo za mawasiliano zilizolazwa hadi kwenye kila chaja. Intaneti ibaki kwa malipo na ripoti.

Kila chaja iwekewe kiwango cha dharura: isipopata ujumbe kwa dakika moja, ishuke yenyewe hadi ampea 6. Kisha hakikisha kwa hesabu: magari manne kwa ampea 6 ni 24, ongeza kilele cha 156, unapata 180. Jengo letu linapita bila kubakisha kitu.

Kuna pia hitilafu ya kimyakimya. Mita kuu inaganda na kuendelea kutoa namba moja, na kidhibiti kinaiamini. Namba ambayo haijabadilika hata kidogo kwa dakika moja kwenye jengo la nyumba 24 si ya kweli, na mfumo uichukulie kama mawasiliano yaliyokatika. Siku ya kukabidhiwa kazi, chomoa kebo ya mita mbele ya fundi, kisha kebo ya kidhibiti, na uangalie ampea zikishuka. Asiyekubali jaribio hilo asilipwe malipo ya mwisho.

13. Umeme ukikatika na jenereta ikawaka?

Kikomo cha 180 hakina maana tena. Jenereta ya kVA 60 hutoa takriban ampea 83 kwa fezi, na zimeshatengewa lifti, pampu na taa. Swichi inayobadilisha umeme iwe na kiunganishi kinachokiarifu kidhibiti, na chaja zisimame zote. Umeme wa kampuni unaporudi, pampu na majokofu yote huamka pamoja. Magari yasubiri dakika 5 hadi 10, kisha yarudi moja baada ya jingine.

## Maswali ya pembeni

14. Mpangaji anaweza kuunganisha chaja kwenye mita yake ya tokeni?

Mita yake inaweza kuruhusu, lakini umeme huo bado unapita kwenye breka kuu. Chaja ikiwa nje ya mfumo, kidhibiti huiona kama mzigo wa nyumba na kuwabana wengine kwa ajili yake. Wawili wakifanya hivyo kwenye L3, ampea 24 za jioni zimekwisha. Kenya ina bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari tangu 2023, iliyo nafuu zaidi usiku, na mita tofauti ya maegesho ndiyo njia inayoeleweka ya kuitumia. Kila chaja inapima uniti zake na kamati inagawanya bili. Mita hiyo ikitoka kwenye kebo ileile inayoingia jengoni, hesabu ya swali la 5 haibadiliki.

15. Gari lililosimamishwa usiku halikuamka tena. Kwa nini?

Baadhi ya magari yakikaa muda mrefu bila ruhusa ya kuvuta hulala, na hayastuki ruhusa inaporudi. Chaja nzuri huiga kitendo cha kuchomoa na kuchomeka kebo kwa kukata ishara kwa sekunde chache. Isipokuwa na uwezo huo, gari linalojulikana kwa tabia hii lisiingizwe kwenye zamu ya kusubiri. Liachiwe ampea 6 na zamu iwapitie wengine.

16. King'ora cha moto kikilia, chaja zifanye nini?

Zikate zote, kwa waya wa moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa moto hadi kwenye breka ya bodi ya maegesho, wala si kwa ujumbe wa kidhibiti. Pampu ya kuzimia moto na feni za kutoa moshi zisiwe chini ya breka hiyo.

17. Tunaweza kuongeza chaja hadi 20 bila kuongeza umeme?

Kwa uniti, ndiyo: magari 20 yanahitaji uniti 140 kwa siku, na usiku unatoa zaidi ya mara tatu ya hizo. Kinachokwama ni kiwango cha dharura cha swali la 12. Tukiweka chaja 7 kwenye L1, 7 kwenye L2 na 6 kwenye L3, mawasiliano yakikatika jioni L1 itakuwa na 148 na 42, yaani 190, na L3 itakuwa na 156 na 36, yaani 192. Zote mbili zimevuka 180, na asilimia 10 tuliyoiweka akiba inaliwa wakati ambapo hakuna kinachoangalia.

Njia ninayoipendelea ni kuweka kiwango cha dharura cha sifuri kwa chaja nane mpya na kuacha zile 12 za kwanza kwenye ampea 6. Wenye chaja mpya waambiwe hivyo kwa maandishi kabla ya kulipia, kwa kuwa usiku mawasiliano yatakapokatika ni magari yao yatakayoamka bila umeme.